Nasikiliza lakini napotea: makala ndefu za darasani, disleksia na programu za kusoma kwa sauti

Karatasi_Nyingi (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Niko chuo mwaka wa pili, nasoma sosholojia. Nina disleksia, nilipimwa nikiwa sekondari, kwa hiyo hilo silibahatishi. Kila wiki tunapewa makala mbili tatu za kusoma, jumla kama kurasa 80, halafu mhadhiri anauliza maswali darasani. Nikisoma kwa macho peke yake, ukurasa mmoja unanichukua dakika kumi, na nikifika chini nimeshasahau kilichokuwa juu.

Mwezi uliopita nilianza kutumia programu zinazosoma maandishi kwa sauti, na nilizitegemea sana. Habari za kawaida za mtandaoni zinasomeka vizuri kabisa. Shida ni hizi PDF anazotuma mhadhiri. Sauti inaanza sentensi, ikifika katikati inarukia jambo jingine, halafu inarudi. Mara itaje namba, mara itaje jina la kitabu katikati ya aya. Faili moja haisomwi hata neno, programu inakaa kimya tu. Nimeshabadilisha programu nne na zote zinafanya vilevile.

Naomba mnielekeze programu ipi ni bora. Wiki ijayo nina sura ya kurasa 38, na sitaki kuingia tena darasani nikiwa sina kitu kichwani.

Jicho_la_Tai

Pole sana mkuu kwa tatizo la macho. Pakua NVDA, ni ya bure na inasoma kila kilichopo kwenye skrini. Rafiki yangu asiyeona anaitumia kila siku, barua pepe, benki, kila kitu. Ukishazoea vitufe vyake hutahitaji nyingine.

Karatasi_Nyingi

Ahsante ndugu, lakini macho yangu ni mazima. Naona herufi zote vizuri. Kazi iko kwenye kuzigeuza kuwa maneno, inakwenda polepole na inanichosha mno. Niliijaribu NVDA, ikawa inanitajia vitufe na menyu ambazo naziona mwenyewe. Nilichanganyikiwa zaidi.

Upepo_Mkali

Mkuu, mimi pia nina disleksia na nimemaliza chuo, nikupe siri mbili. Ya kwanza, weka kasi mara mbili. Ubongo wetu ukisikiliza taratibu unatangatanga, ukienda kasi unalazimika kukaa pale pale. Mimi nilikuwa namaliza kitabu kizima kwa siku moja. Ya pili, badilisha fonti, kuna zile zilizochorwa maalum kwa ajili yetu, zina herufi nzito chini. Ukifanya hayo mawili hutahangaika tena kutafuta programu.

Bi_Maktaba

Karatasi_Nyingi, nafanya kazi maktaba ya chuo, na kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuwaandalia masomo wanafunzi wenye shida kama yako. Ulivyoeleza, sidhani kama programu zako zina kosa. Programu nne tofauti zikikosea mahali palepale, tuangalie faili kwanza.

Fungua ile inayokaa kimya. Jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya, kama unavyofanya ukitaka kulinakili. Likikataa kuchaguliwa, au ukichagua inajifunika mraba mkubwa juu ya ukurasa wote, basi hapo hakuna maandishi. Ni picha ya karatasi. Wewe unaona maneno kwa sababu wewe ni binadamu, lakini kompyuta inaona picha, na picha haina cha kusomwa.

Kisha fungua ile inayorukaruka. Hiyo bila shaka itakubali kuchaguliwa. Anza kuchagua kutoka mwanzo wa mstari wa kwanza, shuka taratibu mistari mitatu, nakili, bandika kwenye faili tupu, halafu utuletee hapa ulichokipata. Na utuambie ukurasa unaonekanaje: ni ukurasa mmoja wa kitabu, au kurasa mbili za kitabu kilichofunguliwa zimelala pamoja?

Kuhusu kasi na fonti nitarudi, maana Upepo_Mkali ana jambo ndani yake.

Karatasi_Nyingi

Dada, umejuaje? Faili ya kimya haichaguliki kabisa. Na ile ya kurasa 38 ni kitabu kilichofunguliwa, kurasa mbili mbili, kwa hiyo faili yenyewe ina picha 19. Nimebandika mistari mitatu. Ni nusu sentensi ya ukurasa wa kushoto, ikafuatiwa na nusu sentensi ya ukurasa wa kulia, halafu inarudi kushoto. Yaani hicho hicho nilichokuwa nikisikia! Mimi nilidhani ni kichwa changu kinachoruka. Wiki nzima nimekuwa nikirudia kusikiliza aya ileile nikijilaumu.

Bi_Maktaba

Acha kujilaumu kabisa. Hakuna mtu angeelewa kitu kwa mpangilio ule, hata mhadhiri wako mwenyewe.

Nieleze kwa nini inatokea, ili siku nyingine uitambue mapema. PDF haihifadhi sentensi. Inahifadhi herufi na mahali zilipokaa kwenye ukurasa: herufi hii iko hapa, ile iko pale. Programu ya kusoma ndiyo inayokisia ipi inafuata ipi. Ukurasa wa kawaida wenye safu moja hauna taabu, inakwenda kushoto kulia, juu chini. Lakini mtu akiskani kitabu kilichofunguliwa, mstari wa kushoto na mstari wa kulia vinakuwa kwenye kimo kimoja, na mashine inaviunganisha kama mstari mmoja mrefu. Majarida yenye safu mbili nayo hufanya hivyo mara nyingine. Yale majina ya kitabu na namba unazosikia katikati ya aya ni kichwa kinachojirudia juu ya kila ukurasa, namba ya ukurasa, na tanbihi za chini. Jicho huvipita bila kufikiri. Sauti haipiti kitu.

Sasa, kabla hujaanza kutengeneza chochote, uliza kama kazi hiyo imeshafanywa. Makala nyingi za majarida zina toleo la ukurasa wa kawaida wa mtandaoni mbali na PDF, na toleo hilo husomeka vizuri kwa sababu maandishi yamepangwa kama maandishi. Kitabu kikiwa na toleo la EPUB, chukua hilo. Vilevile nenda ofisi inayoshughulikia wanafunzi wenye ulemavu hapo chuoni, au maktaba. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, kwa nchi zilizojiunga nao, unaruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala inayosomeka kwa mtu ambaye hawezi kusoma chapa ya kawaida, na haukuandikwa kwa wasioona peke yao. Mwenye disleksia yumo. Wanafunzi wengi hawajui kwamba wanaweza kuomba, wanahangaika peke yao usiku.

Ila maombi huchukua siku, na wewe sura yako ni ya wiki ijayo. Kuna mtu hapa anayeweza kumwelekeza kugawa zile kurasa kwenye kompyuta yake?

Fundi_Nyaya

Nipo. Mkuu, unatumia kompyuta gani, na unaogopa kuandika amri?

Karatasi_Nyingi

Windows, na siogopi kama ni za kunakili na kubandika. Kuandika mwenyewe herufi kwa herufi ndiyo nitakosea.

Fundi_Nyaya

Sawa, ni amri mbili tu. Utahitaji kusakinisha `mutool` na `ocrmypdf`, zote ni za bure. Hiyo ya pili ina vitu vingine inavyovitegemea, kwa hiyo kwenye usakinishaji omba mtu akae na wewe nusu saa, ni mara moja tu maishani.

Ya kwanza inakata kila picha katikati ili kila ukurasa wa kitabu usimame peke yake:

```
mutool poster -x 2 sura.pdf mojamoja.pdf
```

Picha zako 19 zitoke kurasa 38. Fungua uhakikishe. Ukikuta imekata juu na chini badala ya kushoto na kulia, ni kwa sababu karatasi ilihifadhiwa ikiwa imelala ubavu. Rudia kwa `-y 2` na uangalie kama kurasa zimefuatana sawasawa.

Ya pili inatambua herufi upya:

```
ocrmypdf -l eng --force-ocr --deskew --sidecar sura.txt mojamoja.pdf sura-tayari.pdf
```

Hapo `--force-ocr` ndiyo muhimu kwako. Faili yako tayari ina maandishi yaliyovurugika, na bila neno hilo programu itagoma na kusema ukurasa una maandishi tayari. `--deskew` inanyoosha kurasa zilizopinda. `--sidecar` inakupa nakala ya maandishi matupu pembeni, utaona kazi yake baadaye. Makala ikiwa ya Kiingereza yenye nukuu ndefu za Kiswahili, weka `-l eng+swa`, ila uhakikishe umesakinisha na Kiswahili.

Ukimaliza, fungua `sura-tayari.pdf` kwenye Edge, bonyeza Ctrl+Shift+U. Itasoma huku ikipaka rangi neno linalosomwa.

Mama_Wawili

Samahani kuingilia. Mimi si mwanafunzi, nina mtoto wa miaka tisa mwenye shida hiihii. Mwalimu wake wa nyumbani amenishauri nimwekee programu ya kumsomea. Mume wangu anakataa, anasema akizoea kusomewa hatajifunza kusoma maisha yake yote. Nimesoma uzi wote na bado sijui nifuate lipi. Kuna ukweli hapo?

Mwalimu_Subira

Mama, nafundisha watoto wenye disleksia, ngoja nikujibu maana nalisikia kila muhula.

Mzee hajakosea kuwa na hofu. Sauti haimfundishi mtoto kusoma, hilo ni kweli. Kutambua sauti za herufi na kuziunganisha kunahitaji mafunzo ya taratibu, hatua kwa hatua, na yasikatwe kwa sababu programu imepatikana. Lakini somo la sayansi si somo la kusoma. Mtoto akikaa saa nzima anapambana na ukurasa mmoja kuhusu mimea, hajifunzi kusoma na hajifunzi mimea. Kwa hiyo gawanya. Dakika za mafunzo ya kusoma, anasoma mwenyewe maandishi ya kiwango chake. Masomo mengine, asomewe, na afuatilie kwa macho anapoweza.

Na huyu ndugu wa chuo nimpe kipimo kimoja. Mwombe mtu akusomee ukurasa mmoja wa makala zako kwa sauti, halafu umweleze ulichoelewa. Kesho yake soma mwenyewe ukurasa mwingine wa ugumu uleule, umweleze pia. Kama ukisomewa unaelewa vizuri na ukisoma mwenyewe huelewi, basi kizuizi kiko kwenye kugeuza herufi kuwa maneno, na sauti itakusaidia sana. Kama hata ukisomewa unapotea, basi maneno ya fani au urefu wa sentensi vinakushinda, na hapo programu yoyote itakuletea ugumu uleule masikioni. Watu wanaruka kipimo hiki kisha wanailaumu programu.

Mama_Wawili

Ahsante sana mwalimu. Hilo la kugawa nadhani hata baba yake atalikubali.

Upepo_Mkali

Bi_Maktaba uliahidi kurudi kwenye kasi na fonti. Mimi nasubiri, kwa sababu kwangu vilifanya kazi.

Bi_Maktaba

Ni kweli nimekuacha. Kuhusu fonti: zile maalum zimejaribiwa mara nyingi, na matokeo yake hayajaonyesha kwamba umbo la herufi lenyewe linaongeza kasi au usahihi kwa wengi. Kinachowasaidia baadhi ya watu ni nafasi: herufi zisibanane, mistari iachane, na mstari uwe mfupi. Inawezekana fonti uliyopenda ilikuwa na nafasi pana na hicho ndicho kilichokusaidia. Kama unaipenda endelea nayo, haina madhara. Ila haimsaidii mtu ambaye faili yake ni picha, maana picha haibadilishwi fonti.

Kasi nakubaliana nawe nusu. Ni kweli sauti ya polepole mno inampoteza mtu. Lakini kusikiliza kitabu cha simulizi kwa kasi mara mbili na kusikiliza nadharia usiyoifahamu ni vitu viwili. Ninachowafanyisha wanafunzi wangu ni hiki: anza kasi ya kawaida, sikiliza aya moja, simamisha, sema kwa maneno yako aya imesema nini. Ukiweza, ongeza kidogo. Ukishindwa mara mbili mfululizo, rudi hatua moja nyuma, hiyo ndiyo kasi yako kwa makala ile. Kwa makala nyingine anza upya.

Na hesabu muda kabla hujaanza. Kurasa 38 zenye kama maneno 350 kila moja ni maneno 13,300. Sauti ikisoma maneno 160 kwa dakika, ni dakika 83 bila kusimama hata mara moja. Ukisimama kufikiri na kuandika, panga saa mbili na zaidi. Mwanafunzi anayekaa nayo saa moja kabla ya kipindi hatafika mwisho, halafu atadhani tatizo ni disleksia yake.

Upepo_Mkali

Nimekuelewa kwenye nafasi, sikuwahi kulifikiria. Kwenye kasi bado nasimamia langu. Nikipunguza nasinzia.

Karatasi_Nyingi

Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Nieleze kilichotokea, kizuri na kibaya.

Kipimo cha Mwalimu_Subira nilikifanya na mwenzangu wa chumbani. Aliponisomea nilimweleza karibu hoja zote. Niliposoma mwenyewe nilikumbuka moja, na hiyo ilikuwa kwenye kichwa cha habari. Nilinyamaza kidogo hapo, maana miaka yote nilijua kwamba mimi ni mzito wa kuelewa.

Amri ya kwanza ilitoa kurasa 38 mara moja. Ya pili ilikaa dakika kadhaa. Nikafungua kwenye Edge, na kwa mara ya kwanza sentensi ilianza ikaisha. Sikuamini.

Mabaya sasa. Aliyeskani hakukibana kitabu vizuri, kwa hiyo karibu na uti wa kitabu kuna kivuli na mistari imepinda kuingia ndani. Kwenye kurasa nne maneno ya mwisho ya mistari ya kushoto yamepotea kabisa. Niligundua kwa sababu sauti ilikuwa inameza mwisho wa sentensi. Nilimwandikia mhadhiri, akanipigia picha upya kurasa hizo.

Pia kuna maneno yaliyosomwa vibaya. Sauti ilisema *modem* mara tatu kwenye makala ambayo haihusu kompyuta, nikatazama picha nikakuta ni *modern*. Kumbe r na n zikikaribiana, mashine inaona m. Kwa macho yangu nisingeligundua kamwe, lakini sikio lilikataa.

Kile kichwa kinachojirudia juu ya kila ukurasa bado kinasomwa, na maneno yaliyokatwa kwa kistari mwisho wa mstari yanasomwa vipande viwili. Hilo ndilo linanikera zaidi kwa sasa.

Fundi_Nyaya

Safi sana mkuu! Hapo ndipo `sura.txt` inapoingia. Ifungue kwenye kihariri kinachoruhusu kutafuta na kubadilisha kwa mpangilio wa alama. Kwanza tafuta kichwa kile kinachojirudia, badilisha na utupu. Hakitaondoka chote, kwa sababu mashine huenda ilikiandika tofauti kidogo kwenye kurasa chache, hizo utazifuta kwa mkono.

Halafu vistari. Tafuta hii, badilisha na utupu:

```
-\r?\n
```

Inaunganisha neno lililokatwa. Usibonyeze kubadilisha zote kwa pamoja bila kutazama, maana kuna maneno ambayo kistari ni chake halali, nayo yatagandana. Ukimaliza, sikiliza faili hiyo badala ya PDF. Balabolka inafaa kwenye Windows, nayo ina uwezo wa kuhifadhi sauti kama faili ya kuweka kwenye simu.

Bi_Maktaba

Fundi, hapo naomba tusimame kidogo. Kwenye kusafisha, wanafunzi hufuta namba za kurasa zote, kisha siku ya kuandika insha hawajui nukuu ilitoka ukurasa gani. Wanarudi kwenye PDF kutafuta kwa macho, kazi ileile waliyokuwa wanaikimbia.

Karatasi_Nyingi, namba usiifute. Ihamishe iwe kwenye mstari wake, na uandike "Ukurasa 112" ikifuatiwa na nukta. Sauti itaitamka taratibu kati ya aya mbili na haitavunja sentensi. Kama aya imevuka ukurasa, iweke baada ya aya kuisha. Kurasa 38 ni kazi ya dakika ishirini hivi, na utaishukuru mwisho wa muhula.

Jambo la pili ni majina. Makala za sosholojia zina majina ya waandishi wa Kifaransa na Kijerumani ambayo yakitamkwa hayafanani kabisa na yalivyoandikwa. Ukiyasikia tu, siku ya mtihani utaandika jina ambalo halipo duniani. Kabla ya kusikiliza, pitia orodha ya marejeo mwishoni, chagua majina manane au kumi yanayojirudia, yaandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa, yaweke mbele yako. Sauti ikitaja, gusa jina kwa kidole.

Kimya_Kingi

Nimekuwa nikisoma tu bila kuchangia. Naomba kuuliza kuhusu hii ya kufuatilia neno linalopakwa rangi. Kila mtu anaisifu, mimi inanichosha. Macho yanamfuata yule mdudu wa rangi na sielewi kinachosemwa. Nikitembea uwanjani na spika za masikioni naelewa mara mbili zaidi. Nakosea?

Mwalimu_Subira

Kwa wengi, kusikia na kuona pamoja kunasaidia, hasa majina na maneno mapya, kwa sababu umbo la neno linashikana na sauti yake. Lakini kuna wanaovurugwa. Jaribu kupaka rangi sentensi nzima badala ya neno moja kama programu yako inaruhusu, yule mdudu anatulia.

Bi_Maktaba

Mimi huwaambia wachanganye: mara ya kwanza sikiliza ukitembea ili ujue makala inaelekea wapi, mara ya pili kaa na maandishi kwa zile sehemu zenye hoja.

Mwalimu_Subira

Dada yangu, kwa mwanafunzi mwenye kurasa 80 kwa wiki, mara ya pili ataipata wapi? Mimi ningependa asikilize mara moja, akae, aandike. Kutembea ni kwa marudio kabla ya mtihani.

Bi_Maktaba

Wapo waliofanikiwa kwa njia yangu na wapo waliofanikiwa kwa yako, siwezi kukubishia zaidi ya hapo.

Karatasi_Nyingi

Nimemaliza sura yote jana. Niliigawa kwa vichwa vyake vidogo, vilikuwa vitano, nikasikiliza utangulizi na hitimisho kwanza kama nilivyozoea kufanya kwenye makala fupi. Kwa jumla ni saa mbili na dakika 40 kwa siku tatu, ukiacha muda wa kusafisha faili. Kasi niliyotulia nayo ni ya kawaida na kidogo juu yake. Kwenye sehemu ya historia niliongeza, kwenye sehemu ya nadharia nilirudi chini. Karatasi ya majina ilinisaidia kuliko nilivyotegemea.

Kimya_Kingi, mimi rangi inanisaidia kwa nusu saa ya kwanza, baadaye naizima.

Darasani mhadhiri aliuliza tofauti ya hoja mbili za mwandishi, nikanyoosha mkono. Nilitaja na ukurasa.

Limebaki moja. Sura ya wiki inayofuata ina majedwali sita. Nimejaribu moja, sauti inasoma namba mfululizo kutoka kushoto kwenda kulia, na ikifika mstari wa tatu sijui tena namba ni ya safu ipi.

Fundi_Nyaya

Majedwali sijapata njia nzuri, nakuambia ukweli. Nimejaribu kuyahamishia kwenye lahajedwali ili nisikilize kisanduku kimoja kimoja pamoja na jina la safu yake, inafanya kazi kwa jedwali dogo. La mistari thelathini utachoka.

Bi_Maktaba

Sikiliza aya inayolizungumzia jedwali kabla ya jedwali lenyewe. Mwandishi huwa anataja namba mbili tatu anazozijali. Zitafute hizo tu, uziwekee alama kwa kalamu. Jedwali zima mwombe mwenzako wa chumbani akusomee safu moja kwa kwenda chini.

Kimya_Kingi

Na milinganyo ya hesabu je? Mimi nasoma uchumi, sauti inairuka yote.

Fundi_Nyaya

Milinganyo ni habari nyingine kabisa mkuu. Ikiwa kama picha haisomwi, na hata ikitambuliwa, alama nyingi hutoka takataka. Niandikie makala yako ni ya aina gani na imetoka wapi, kama ina toleo la ukurasa wa mtandaoni tuanzie hapo.